Eti ya Kinyozi: Maswali ya Semina Juu ya Msimulizi Asiyeaminika

Kuna swali moja ambalo nimelikuta katika karatasi za semina za fasihi kwa miaka yote niliyofundisha sekondari, na nikalikuta tena nilipohamia chuo cha ualimu. Swali lenyewe ni hili: "Je, msimulizi wa hadithi hii anaaminika? Toa sababu." Walioliandika waliliita swali wazi, kwa kuwa halina jibu la neno moja na kwa kuwa linaomba sababu. Mimi naliona kuwa ni swali funge lililovishwa kanzu ya swali wazi. Mwanafunzi mwenye akili timamu anajua kwamba mwalimu asingeuliza kama msimulizi angekuwa mwaminifu. Basi anaandika "haaminiki", anaorodhesha sababu tano kwa alama tano, na hadithi inafungwa kabla haijasomwa.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu, ambao wengi wenu ni washairi na walimu, ni maswali gani nadhani yanafaa kuulizwa mahali pa lile. Nitatumia hadithi fupi moja tu, kwa sababu maswali ya namna hii hayaonekani uzuri wala ubaya wake mpaka yameshikwa mkononi pamoja na maandishi.

Kwanza neno lenyewe. Istilahi ya msimulizi asiyeaminika ilianzishwa na mhakiki Mmarekani Wayne Booth katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu balagha ya kazi za kubuni. Kwa Kiingereza neno alilotumia lina uzito wa mashine au saa: kitu ambacho huwezi kukitegemea kikupe jibu sahihi. Sisi tuliposema "asiyeaminika" tuliingiza maadili. Kwa Kiswahili mtu asiyeaminika ni mwizi, mwongo, au mkopaji asiyelipa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu, kabla hajafungua kitabu, ameshaanza kumsaka mwongo. Na wasimulizi walio wazuri zaidi kwa somo hili si waongo hata kidogo. Wanasema kila walichokiona, tena kwa moyo mweupe, ila hawajui walichokiona.

Kinyozi wa Ring Lardner ni wa jamii hiyo. Hadithi inaitwa "Haircut", na ilitoka mwaka 1925 katika jarida la Liberty huko Marekani. Nimekuwa nikiwasimulia walimu wanafunzi hadithi hii kwa Kiswahili, kwa sababu mazingira yake hayahitaji maelezo: nani kati yetu hajawahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi na kusimuliwa habari za mji mzima? Mteja mgeni ameketi, kinyozi anakata nywele na kuzungumza. Mteja hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tunachosoma ni sauti ya kinyozi tu.

Kinyozi anamkumbuka rafiki na mteja wake, Jim Kendall, aliyekuwa bingwa wa mizaha mjini, na ambaye sasa ni marehemu. Anatusimulia mizaha hiyo kwa furaha. Jim aliwahi kuwaahidi mkewe na wanawe wawili kwamba atawapeleka sarakasi, akawaambia wamsubiri mlangoni mwa hema, kisha hakutokea; watoto wakabaki wakilia mpaka daktari kijana wa mji, Stair, akawalipia wao na mama yao. Kulikuwa na kijana anayeitwa Paul Dickson, aliyeanguka mtini utotoni na akili yake haikurudi sawa. Jim alimfanya kuwa mtu wa kuchekwa kila siku. Watu waliomtendea wema Paul, ukimwondoa mama yake, ni wawili: Daktari Stair, na msichana aitwaye Julie Gregg, ambaye alimpenda yule daktari kimoyomoyo.

Jim akamtamani Julie. Aliingia nyumbani kwake kwa nguvu, naye akajifungia chumbani na kupiga simu kuomba msaada. Baadaye Jim, kwa kulipiza, aliigiza sauti ya daktari kwenye simu, akamwita Julie usiku aje zahanati, naye na wenzake wakajificha gizani wapate kumcheka na kumfuata kwa kelele. Paul akasikia habari hiyo, akamweleza daktari. Siku mbili baadaye Jim alikuwa dukani kwa kinyozi akitafuta mtu wa kwenda naye kuwinda bata. Rafiki aliyemtaka hakuwepo mjini. Paul akajitolea kwenda. Kesho yake, ndani ya mashua, Jim akafa kwa risasi iliyotoka katika bunduki iliyokuwa mikononi mwa Paul. Mtu mwenye mamlaka ya kuchunguza vifo mjini alikuwa yule yule Daktari Stair. Akaenda, akautazama mwili, akasema hakuna haja ya kuita baraza la uchunguzi, kwani ni ajali iliyo dhahiri. Kinyozi naye anaona hivyo hivyo: mtu hampi punguani bunduki, Jim alijitakia. Hata hivyo anamkosa, kwa kuwa alikuwa mchangamshaji. Kisha anamwuliza mteja anapenda nywele zake zichanwe zikiwa na maji au kavu, na hadithi inakwisha.

Sasa, ukiuliza darasa kama kinyozi huyu anaaminika, utapata jibu kwa dakika mbili: haaminiki, ni mjinga, hakuelewa kwamba ni mauaji. Darasa litaridhika, na hapo ndipo penye hasara. Hakuna aliyelazimika kufungua ukurasa tena ili ajibu hivyo.

Swali ninaloanza nalo mimi ni la kawaida kabisa: kinyozi alijuaje? Ninawagawa wanasemina wawili wawili, kila jozi inapewa tukio moja, nao wanafuata nyayo za habari kurudi nyuma. Walio na tukio la mashua huwa ndio wanaochelewa kumaliza. Kinyozi hakuwepo ziwani. Aliyekuwepo, aliye hai, ni Paul peke yake. Paul alikimbia hadi nyumba ya mzee mwenye shamba lenye ziwa, John Scott, akasema pametokea ajali. Mzee Scott akampigia simu daktari. Kutoka kwa daktari, au kwa njia ambayo kinyozi haitaji, habari ikafika dukani. Yaani kwamba Paul alikuwa na hofu, kwamba mikono ilitetemeka, kwamba hakuweza kuidhibiti bunduki, yote haya yana chanzo kimoja, nacho ni mtu mwenye kila sababu ya kusema hivyo. Lakini kinyozi anayasimulia kama vile alikuwa amekaa ndani ya mashua.

Swali hili lina sura ya kipolisi, nalipenda kwa sababu hiyo. Halimwombi mwanafunzi maoni kabla hajaona kitu. Na majibu hayafanani, kwa sababu baadhi ya viungo vya mnyororo kinyozi anavitaja na vingine anaviruka, na wanasemina huanza kubishana: hapa anakisia, hapa aliambiwa na Jim mwenyewe, hapa ni uvumi wa mji. Kufikia mwisho wa dakika ishirini wanajua jambo ambalo orodha ya sifa za msimulizi isingewapa: kwamba msimulizi huyu hachanganyi ukweli na uongo. Anachanganya aliyoyaona na aliyoyasikia, na sauti yake haibadiliki anapovuka mpaka.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapoingia, nami nawaomba wapenzi wa lugha mnisikilize kidogo. Sisi tuna neno dogo ambalo Kiingereza cha kinyozi hakina: eti. Mtu akisema "eti alikuwa anatetemeka", ameshaniambia mambo mawili kwa pigo moja, kwamba kuna aliyesema hivyo, na kwamba yeye mwenyewe hajaafiki. Basi swali langu la pili ni la tafsiri. Ninawaambia wanasemina: tuleteeni kwa Kiswahili ile sehemu ya kifo, katika sauti ya kinyozi. Je, atasema eti au hatasema?

Ukimpa eti moja tu, hadithi nzima imegeuka. Kinyozi aliyesema "eti ni ajali" ni mtu anayejua, anayemkonyezea mteja mgeni na kumpa siri ya mji bila kuitamka. Ukimnyima, amebaki kuwa yule asiyeona. Mwaka mmoja mwanasemina mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi siwezi kumnyima. Hakuna kinyozi wa Kiswahili atakayesimulia kifo cha mtu bila eti. Nikiiondoa, hasikiki kama mtu." Jirani yake akamjibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuiondoa: tumsikie kinyozi akisimulia bila eti, tushtuke, tuulize imekwenda wapi. Nilikaa kimya. Swali lilikuwa limetoka mikononi mwangu, likawa lao.

Kuna na kitenzi cha kufyatua. Lardner ameiweka sentensi ya kifo kwa namna ambayo Paul anafyatua, kisha Jim anaanguka ndani ya mashua, matukio mawili yaliyofuatana yakaunganishwa kwa kiunganishi chepesi kabisa. Kiswahili kinatupa njia tatu angalau. "Akafyatua, Jim akaanguka": hapa -ka- inatupa mfuatano na kunyamaza kuhusu sababu, na naona ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. "Bunduki ikafyatuka": hapa mtendaji ametoweka, ajali imeshaingizwa ndani ya sarufi, hakimu hana kazi. "Akampiga risasi Jim": hapa kuna mtenda na mtendwa, na wakili angekuwa na wasiwasi. Ninauliza: kinyozi angechagua ipi? Paul alipofika mlangoni kwa mzee Scott akihema, alitumia ipi? Daktari alipoandika cheti chake? Watu watatu wanaweza kusimulia kifo kimoja kwa vitenzi vitatu bila yeyote kusema uongo. Washairi mnaosoma hapa mnajua tayari uzito wa kauli ya kutendeka. Sijui kwa nini katika madarasa ya hadithi fupi tunaiacha kwa mwalimu wa sarufi.

Niseme neno kuhusu mipaka, maana kuna kosa la upande wa pili ambalo nimeliona likizidi. Baadhi ya walimu, kwa kuchoshwa na maswali funge, hurukia maswali kama "Unamwonaje kinyozi?" au "Hadithi hii inakugusa vipi?" Swali la namna hiyo ni wazi kama uwanja usio na uzio. Kila jibu ni sahihi, basi hakuna jibu linalohitaji ushahidi, na wanaozungumza ni wale wale watatu wenye ndimi nyepesi. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, na swali zuri la semina linahitaji kamba: kiguu kimoja kimefungwa kwenye mstari fulani wa maandishi, na kamba ni ndefu kiasi cha watu wawili kufika mahali tofauti. Kipimo changu cha kujua ni rahisi. Nikiuliza swali, nasikiliza. Nikisikia sauti mara moja, swali limeharibika. Nikisikia kimya halafu karatasi zikifunguliwa, swali linafanya kazi.

Kwa mfano wa swali lenye kamba: asubuhi ile ya kuwinda, duka likiwa limefunguliwa kwa dakika kumi tu, daktari aliingia kwa kinyozi akiwa na wasiwasi, akauliza kama Paul ameonekana. Kinyozi akamwambia yuko ziwani na Jim. Daktari akasema haelewi, kwa kuwa Paul alikuwa ameapa kutoshirikiana na Jim tena maishani. Akaongeza kwamba Paul alimuuliza anaonaje mzaha ule aliofanyiwa Julie, naye akamjibu kwamba mtu wa kufanya jambo kama hilo hastahili kuachwa aishi. Kinyozi akamtetea Jim kidogo. Daktari akageuka akatoka. Saa sita mchana simu ya mzee Scott ikamfikia.

Swali: daktari alifanya nini kati ya kutoka dukani na saa sita?

Maandishi hayasemi. Kinyozi haulizi. Mtu aliyeogopa, anayejua alichomwambia kijana asiye na akili timilifu, alikuwa na asubuhi nzima. Je, alikwenda ziwani akakuta amechelewa? Hapana, simu ya mchana ndiyo iliyomfanya aende. Je, alikaa zahanati akitibu wagonjwa? Je, alikaa akisubiri? Wanasemina wanaomtetea daktari husema kuwa hakujua Paul angeweza kutumia bunduki, na alikuwa na wasiwasi juu ya usalama wa Paul mikononi mwa Jim, kwani hata kinyozi alidhani Jim ana nia ya kumsukuma majini. Hilo ni jibu zito, na lina ushahidi wake. Wanaomshtaki husema kwamba mtu mwenye wasiwasi wa aina hiyo hutoka mbio, na kwamba yule aliyetoka mbio mchana, alitoka kwenda kufunga kesi. Nami sina jibu la mfukoni. Sharti la kwanza la swali wazi, kwa maoni yangu, ni kwamba mwalimu mwenyewe asiwe amelificha jibu kwenye jalada.

Mhakiki mwingine wa Marekani, James Phelan, alipendekeza tumpime msimulizi katika mambo matatu: anavyoripoti matukio, anavyoyafasiri, na anavyoyahukumu. Mgawanyo huu unafaa kwa mwalimu anayetunga maswali, mradi asiwape wanafunzi kama jedwali la kujaza. Kinyozi wetu anaripoti vizuri. Bila ripoti yake tusingejua lolote. Anafasiri vibaya. Na anavyohukumu ndipo penye mwiba, na ndipo semina nyingi zinapopita haraka.

Namaanisha habari ya Julie. Jim aliingia nyumbani kwa msichana kwa nguvu. Kinyozi analiweka tukio hili katika mfululizo mmoja na mizaha mingine, kwa sauti ile ile, pengine akikiri tu kwamba safari hii Jim alizidisha. Nikifundisha sehemu hii huwa siulizi kama kinyozi amekosea kuhukumu. Nauliza: kabla ya kufika kwa Julie, ulicheka mara ngapi, na kwa lipi? Watu huinamisha macho. Hadithi imetungwa ili tucheke mwanzoni. Jim alikuwa na tabia ya kuwatumia wafanyabiashara asiowajua, ambao majina yao ameyasoma kwenye vibao vya maduka akiwa kwenye treni, kadi za posta zenye kuwatia shaka juu ya wake zao, na darasa langu lilicheka kwa kadi hizo kila mwaka. Kwa kicheko kile tumekaa kwenye viti vya duka lile pamoja na wengine. Mwanafunzi aliyekwisha kumwita kinyozi mjinga ana njia rahisi ya kutoka. Aliyekumbushwa kicheko chake hana, na sasa anapaswa kueleza ni kwenye mstari upi hasa aliacha kucheka, na ni nani aliyemwambia aache, maana kinyozi hakumwambia. Majibu ya swali hili huwagawa wanawake na wanaume darasani kwa namna ambayo mwalimu ajiandae nayo. Nimewahi kusikia mwanamke mmoja akisema hakucheka hata mara moja tangu watoto walipoachwa mlangoni mwa hema, na mwanaume aliyekaa karibu naye akasema kwa upole, "Dada, mimi nilicheka mpaka simu ya usiku." Tukakaa juu ya umbali huo, kati ya hema na simu, kwa muda uliobaki.

Kwa hiyo kwa kipindi cha saa moja na nusu mimi huwa na maswali manne, na mara nyingi matatu yanatosha: alijuaje, angesema eti, daktari alikuwa wapi, uliacha kucheka wapi. Ukiwa na kumi, hakuna litakalofika mwisho. Hadithi isomwe nyumbani mara moja, kisha sehemu ya mashua isomwe darasani kwa sauti, na msomaji abadilishwe, kwa sababu sauti ya mwanamke kijana ikisoma maneno ya kinyozi huonyesha mambo ambayo sauti ya mzee kama mimi huyafunika.

Likibaki dakika kumi, naongeza moja kuhusu mteja. Ameketi, kitambaa kimefungwa shingoni, ni mgeni mjini, na amesikia yote. Hajauliza kitu. Naye ndiye sisi, kwa kuwa tumepewa kiti chake. Akitoka mlangoni, anajua nini ambacho kinyozi hajui kwamba amemwambia? Na je, atalisema kwa mtu? Kijana mmoja, fundi wa maneno kweli kweli, alijibu kwamba mteja hawezi kuuliza lolote kwa sababu aliyeshika mkasi ni mwenyeji. Mwenzake akasema kinyozi ndiye anayesubiri kuulizwa, amekuwa akisubiri tangu Jim afe, na ndiyo sababu anamsimulia kila mgeni. Nililiandika jibu la pili ubaoni, na sikulifuta nilipotoka.